Msitufufulie Killmonger

Ndugu zangu wa Nakivale na wa huku Kampala, kuna jambo limenichosha. Hapa Kibuli kila tukionyesha filamu, vijana wangu wanarudi palepale: Killmonger wa Black Panther, ile ya 2018, eti hakufa. Ushahidi? "Hatukuona akizikwa." Dada mmoja wa shirika akaniambia niwaache, hayo ni matumaini yao.

Mimi nakataa. Mbona mzee Zuri, aliyeuawa kwenye maporomoko, naye hatukuona akizikwa? Hakuna anayesema Zuri yu hai. Kanuni inayomfufua yule unayempenda tu, hiyo ni hamu yako, siyo filamu.

Wengine wana hoja nzuri zaidi: Wakanda wanajua kuponya. Kweli kabisa. Ross alipigwa risasi mgongoni, Shuri akamponya. T'Challa alitupwa kutoka juu ya maporomoko, akarudi. Hapo nawasifu, maana wametafuta ndani ya filamu. Lakini basi wamalize kutafuta. T'Challa aliporudi, tulionyeshwa njia: mvuvi wa watu wa M'Baku ndiye aliyemwokota. Na Killmonger? Wamekaa wawili, jua linazama, T'Challa anamwambia huenda bado wanaweza kumponya. Anakataa. Hataki kufungwa, anataka alazwe baharini pamoja na wale walioruka kutoka kwenye meli za watumwa. Kisha anachomoa mwenyewe kile chuma kifuani. Hoja ya dawa filamu imeshaijibu. Ukimfufua, unamnyang'anya uamuzi wake.

Halafu kijana mmoja akaapa kwamba Killmonger alisema, "Nitarudi." Tukarudisha nyuma. Maneno hayo ni ya VJ, yule anayetafsiri kwa Kiluganda, kayatia mwenyewe ili kibanda kicheke. Nawapenda ma-VJ, bila wao nusu yetu tusingeelewa kitu. Ila kabla hujaapa, sikiliza sauti ya waigizaji wenyewe.

Kuna na Wakanda Forever ya 2022. Shuri anakunywa dawa, anaenda mahali pa mababu, anamkuta Killmonger. Mtu anaweza kusema ni ndoto tu, sawa, hilo peke yake halimalizi kesi. Lakini T'Chaka na N'Jobu, tuliowaona kule katika filamu ya kwanza, wote walikuwa wameshakufa.

Najua hamu hii inatoka wapi. Anayeshikilia zaidi, baba yake alipotea Kivu na hakuna aliyeona mwili. Ndiyo maana simwachi, dada. Kuhusu baba yake kweli hatujui, na fomu ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu tuliijaza pamoja. Kuhusu Killmonger tunajua. Sitaki achanganye hayo mawili.

Juzi aliomba tuirudishe ile sehemu ya jua kuzama, bila VJ. Akaangalia kimya mara mbili.

"Kaka," akasema, "kumbe amekichomoa mwenyewe."