Kabla ya kununua donepezili

Mzee akianza kuuliza swali lile lile kila baada ya dakika chache, ndugu wa Kampala au Ulaya anaweza kutuma donepezili. Kabla ya kununua boksi la kwanza, tunashauri yamwagwe mezani madawa yote anayokunywa tayari.

Chini ya ubongo, upande wa mbele, kuna kundi dogo la chembe ambazo nyuzi zake huenea karibu katika gamba lote la ubongo, zikitoa asetilikolini. Kemikali hiyo husaidia kukaza makini, na bila makini jambo jipya halishiki. Mwaka 1982, Peter Whitehouse na wenzake wa Baltimore walionyesha kwamba wagonjwa wa Alzaima wamepoteza sehemu kubwa ya chembe hizo.

Donepezili haioteshi chembe. Inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili ile kidogo inayotolewa na chembe zilizobaki idumu zaidi. Katika majaribio ya miezi sita hivi, kwenye kipimo cha uwezo wa akili chenye alama 70, walioinywa waliwazidi wenzao kwa wastani wa alama zisizofika 3. Wengine hupata makini zaidi, wengine hawapati kitu, na ugonjwa unaendelea kwa wote. Ufaransa iliacha kulipia dawa za aina hii mwaka 2018.

Asetilikolini hufanya kazi pia tumboni na moyoni. Baadhi ya sumu za wadudu zinazopuliziwa mashambani huzuia kimeng'enya hicho hicho. Ndiyo maana mkulima aliyeathirika hutokwa mate na kuharisha. Kwa donepezili madhara ni madogo zaidi lakini hupita njia ile ile: kichefuchefu, kuharisha, mapigo ya moyo kupungua hadi mzee kuzimia.

Sasa tuseme mama wa miaka 74, hapa Mavivi, anakunywa amitriptilini kwa maumivu ya miguu na prometazini ili alale. Zote mbili huziba milango ambayo asetilikolini hupitishia ujumbe wake. Kumwongezea donepezili ni kuvuta upande mmoja huku dawa nyingine zikivuta upande wa pili. Daktari azipunguze kwanza, polepole, kisha atazame kama usahaulifu unapungua. Apime pia kaswende, VVU na tezi ya shingo, na aulize kuhusu huzuni nzito.

Ikibaki Alzaima, mapigo ya moyo yapimwe, kisha aanze miligramu 5 kwa siku. Akivumilia, baada ya wiki nne hadi sita hupandishwa hadi 10. Siku ya kwanza familia iandike mambo matatu ya kufuatilia: je, anavaa mwenyewe, anamaliza kusimulia jambo, anajua njia ya kwenda kanisani? Baada ya miezi mitatu walinganishe. Pasipokuwa na tofauti, daktari amwachishe, na fedha za dawa zimlipe mtu wa kukaa naye mchana.