Mchele upikwe, simu ikaushwe na upepo

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi mnaotoka Rungwe au mliopangiwa field Tukuyu, naomba tuongee kuhusu simu zilizolowa. Ukishuka stendi ya Tukuyu wakati wa masika, hata mwavuli hausaidii sana. Miteremko ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Simu ikilowa mfukoni, spika huanza kusikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, na ushauri wa geto zima ni uleule: itumbukize kwenye mchele. Mimi napinga.

Mchele wa sokoni si mkavu kama tunavyodhani. Una maji ndani yake, kama asilimia 13 au 14 ya uzito wake, na ukikaa kwenye hewa yenye ukungu hauna kiu ya kunywa maji mengine. Tena haugusi yale yaliyojificha nyuma ya wavu wa spika. Unachoacha ni vumbi na vipande vinavyoingia kwenye tundu la chaji. Mwanzoni mwa mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasiweke simu kwenye mchele kwa sababu hiyohiyo.

Tuangalie kinachotokea ndani. Spika ina ngozi nyembamba inayotetemeka, na mbele yake kuna wavu wenye matundu madogo sana. Tone la maji hung'ang'ania kwenye matundu hayo na kuziba njia ya sauti. Hapo sauti inakuwa nzito na hafifu. Maji yakifika kwenye ngozi yenyewe, inatetemeka ovyo na sauti inakwaruza. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatoa maji, halafu ndipo ukaushe unyevu uliobaki.

Chukua mfano wa simu iliyonyeshewa ikiwa mfukoni, spika ikiwa upande wa chini. Izime mara moja na usiichaji. Toa kava, laini na memori kadi, kisha ifute. Ishike spika ikitazama chini, uigonge taratibu kwenye kiganja mara kumi hivi. Gusisha kitambaa kikavu cha pamba au tishu kwenye wavu bila kusugua. Kitambaa kitalivuta tone lenyewe. Rudia mpaka kisitoke na unyevu. Halafu isimamishe, spika ikiwa chini, mbele ya feni ndani ya chumba kikavu. Hewa inayotembea ndiyo inayokausha. Iache usiku mzima, na kama ni msimu wa ukungu, siku nzima.

Huna feni? Vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia, ila viwe vingi na simu iwe kwenye kopo lililofungwa vizuri. Kipakiti kilichokaa wazi kabatini kimeshashiba unyevu wa Tukuyu.

Zile sauti nzito za kutoa maji, za kama hezi 165, si uchawi. Ngozi ya spika ikisukuma hewa kwa nguvu, tone la kwenye wavu linaweza kuruka nje. Lakini hazikaushi ndani ya simu, na zinataka simu iwashwe. Zitumie baada ya kuikausha, kwa nusu dakika hivi, spika ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, maana unasukuma maji ndani. Usiianike juu ya jiko la mkaa wala usitumie drayer ya saluni. Joto hulegeza gundi na kuharibu ile ngozi. Sindano nayo hutoboa wavu.

Kabla hujatoa hela ya bumu kubadilishiwa spika, pima. Cheza wimbo mmoja kwa sauti ndogo asubuhi na jioni. Kama unasikika vizuri zaidi kila mara, ni maji yanayoondoka, subiri. Kama baada ya siku mbili bado unakwaruza, hasa ukiongeza sauti, huenda ngozi imechanika au kuna uchafu. Kama spika iko kimya kabisa na alama ya headphone inaonekana kwenye kioo, maji yako kwenye tundu la headphone, na spika yenyewe huenda ni nzima.

Ikiwa iliyomwagika ni chai ya maziwa au soda, usisubiri. Sukari hubaki hata maji yakikauka, na hugandisha ngozi ya spika. Hiyo mpeleke fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti ya saketi. Na fundi akikwambia siku hiyohiyo kwamba spika iliyonyeshewa imekufa, mwombe akuruhusu urudi nayo kesho kutwa.