Sehemu ya 4: Karatasi ya moyo isomwe kwa hatua tano, siyo kwa kutupia jicho

Wiki iliyopita niliahidi tutaongelea ile karatasi ya miraba ya pinki wanayokupa ukipimwa ECG. Wengi mliniandikia swali moja: "Sista, kama mashine imeshaandika majibu juu, kuna haja gani ya mtu kuisoma tena?"

Jibu langu ni fupi. Maneno ya mashine ni kauli ya kwanza tu, hayajawa majibu. ECG isomwe na mtu, kwa hatua tano, kwa mpangilio uleule kila siku: kasi, mpigo, mwelekeo, nafasi, na mwisho ST. Anayeruka hatua ataona kile alichokuja kukitafuta na kuacha kilichopo.

Niwaeleze kwa mama mmoja. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Ana miaka 27, anakaa upande wa Buhongwa, mtoto wake wa pili alikuwa na wiki tano. Akipanda kilima kidogo tu anahema. Usiku analala kwa mito mitatu. Moyo unamwenda mbio. Kituo cha kwanza alipimwa ECG, mashine ikaandika kwamba moyo unapiga haraka lakini kwa mpangilio wa kawaida. Akaambiwa ni uchovu wa uzazi na wasiwasi, anywe maji, apumzike. Karatasi akakunja, akaweka kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Namshukuru sana kwa kuitunza, maana ndiyo tuliyoisoma upya.

Kabla ya hatua ya kwanza tunaangalia maandishi madogo pembeni ya karatasi. Yanatakiwa yasome 25 mm/s, yaani kasi ya karatasi kutembea. Kwa kasi hiyo mraba mdogo ni sekunde 0.04, na mraba mkubwa, wenye midogo mitano, ni sekunde 0.2. Mtu akiwa amebadilisha kasi bila kujua, hesabu zote zinaharibika.

Hatua ya kwanza, kasi. Moyo ukipiga sawasawa, hesabu miraba mikubwa kati ya mpigo na mpigo, halafu gawanya 300 kwa hiyo namba. Miraba minne ni mapigo 75 kwa dakika. Lakini kwa mama huyu njia hiyo inadanganya. Sehemu moja nafasi ni miraba miwili, ambayo ingetupa 150. Pembeni yake ni mitatu, ambayo ingetupa 100. Sasa tushike ipi? Hapo unaachana na kugawanya. Unachukua mstari mrefu wa chini, ambao kwa kawaida ni wa sekunde 10, unahesabu mapigo yote na kuzidisha mara 6. Yalikuwa 22. Mara 6 ni 132. Mjamzito moyo wake huongeza kidogo mapigo, na hilo ni kawaida, lakini 132 kwa mama aliyekaa kitandani ametulia, wiki tano baada ya kujifungua, inahitaji sababu. "Uchovu" siyo sababu mpaka umeshatafuta nyingine.

Hatua ya pili, mpigo wenyewe. Kwenye moyo wa kawaida, kabla ya kila mwiba mrefu, ambao tunauita QRS, kuna kilima kidogo cha mviringo kinachoitwa P. Hicho ni umeme unapita vyumba vya juu vya moyo, kisha ndiyo vyumba vya chini vinapiga. Maswali ni mawili tu: je, kila mwiba una kilima chake? Na je, nafasi kati ya mwiba na mwiba zinafanana? Njia rahisi ni kuchukua kipande cha karatasi nyeupe, kuweka alama za kalamu kwenye miiba mitatu, kisha kukisogeza mbele. Alama zikiangukia kwenye miiba mingine, mpigo uko sawa. Za mama huyu hazikuangukia popote. Mapigo yalikuja kama matone ya mwisho ya mvua kwenye bati, mawili haraka, moja limechelewa, matatu yamefuatana. Na vilima vya P havikuwepo kabisa, mstari ulikuwa unatetemeka kama ziwa likipigwa na upepo mdogo.

Hiyo inaitwa fibrilesheni. Vyumba vya juu havikamui damu, vinatetemeka tu. Mashine ilidhani mitetemo ni P, ikaandika kwamba mpangilio upo. Hutokea, hasa mapigo yakiwa ya haraka. Ndiyo maana nasema jicho la mtu ni lazima.

Hatua ya tatu, mwelekeo. Tunauliza umeme wa moyo kwa jumla unaelekea wapi. Tazama mchoro ulioandikwa I na ule ulioandikwa aVF. Miiba yote miwili ikielekea juu, mwelekeo ni wa kawaida. Kwa mama huyu mchoro I ulielekea chini na aVF ukaelekea juu, yaani umeme umevutwa kulia. Hapa, jamani, wengi tunakosea. Sababu ya kawaida ya mchoro I kugeuka ni sisi wenyewe kubadilisha waya za mikono. Kwenye mashine nyingi tunazotumia, nyekundu ni mkono wa kulia na manjano ni wa kushoto. Ukibadilisha, mchoro I wote unageuka, na mara nyingi aVR, ambayo huwa inaelekea chini, inaelekea juu. Dalili nyingine ni P kupinduka kwenye mchoro I, ila huyu hakuwa na P ya kutusaidia. Kwake aVR ilikuwa bado chini. Hata hivyo tulikagua waya moja moja tukapiga karatasi mpya. Ikatoka vilevile. Halafu V1, mchoro wa kifua ulio upande wa kulia, ulikuwa na mwiba mrefu kuelekea juu, wakati kwa mtu mzima huwa mfupi. Basi siyo waya. Ni upande wa kulia wa moyo unaofanya kazi kubwa kupita kiasi.

Akina mama wenye watoto wachanga, msishtuke na hatua hii. Mtoto mchanga mwelekeo wa kulia ni kawaida yake, na mapigo yake ni ya haraka kuliko ya kwako. Karatasi ya mtoto haisomwi kwa vipimo vya mtu mzima.

Hatua ya nne, nafasi. PR ni kutoka mwanzo wa P mpaka mwanzo wa mwiba, na kawaida yake ni miraba midogo mitatu hadi mitano. Huyu hana P, kwa hiyo PR haipo, na anayeandika namba hapo anaandika ndoto. Upana wa QRS ulikuwa miraba midogo miwili. Usifike mitatu, kwa hiyo njia za umeme za chini zilikuwa salama. QT, ambayo ni muda wote wa kupiga na kujipanga upya, mapigo yakiwa hayana mpangilio haipimwi kwenye pigo moja. Tulipima kadhaa tukachukua wastani, haikuwa ndefu. Hatua hii huonekana ya bure pale ambapo majibu ni mazuri, lakini kuna dawa zinazorefusha QT, na ukishaipima leo unakuwa na kitu cha kulinganisha kesho.

Hatua ya tano ndiyo ST, kipande cha mstari baada ya mwiba. Tunakilinganisha na mstari tulivu kabla ya mwiba. Kikipanda mraba mdogo mmoja au zaidi kwenye michoro miwili jirani, na mtu ana maumivu ya kifua, hiyo ni dharura ya dakika, hata kama ni mama kijana aliyejifungua juzi. Kwa huyu kilishuka kidogo kwenye V1 mpaka V3. Mtu anayeanza na ST angesema moyo haupati damu na kuishia hapo. Lakini sisi tulishafika tukiwa na mambo manne mkononi: kasi kubwa, fibrilesheni, mwelekeo wa kulia, V1 ndefu. Kushuka huko kuliendana na upande wa kulia uliochoka.

Mama kijana wa kwetu, anahema, fibrilesheni, na kulia kumechoka. Swali linalofuata ni valvu ya upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, iliyobanwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Damu inarudi nyuma kwenye mapafu, ndiyo maana ya mito mitatu. Mimba huongeza damu mwilini, na valvu iliyovumilia miaka inashindwa. Lakini hapa ECG inafika mwisho wake. Haioni valvu. Inakuambia tu uende ukapige eko, ambayo ni kama utrasaundi ya moyo. Alipanda Bugando, eko ikaonesha valvu imebanwa.

Hatari kubwa haikuwa hata kuhema. Damu ikilala kwenye chumba kinachotetemeka huganda, na bonge likienda kwenye ubongo ni kiharusi. Alianzishiwa dawa ya kupunguza mapigo na wafarini ya kuzuia damu kuganda. Aliniuliza, "Sista, niache kunyonyesha?" Hapana, wafarini haimzuii mama kunyonyesha. Inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo mimba nyingine ipangwe na daktari wa moyo kwanza.

Najua wapo wenzangu watakaosema kusoma ECG ni kazi ya daktari, na kwamba nawatia hofu akina mama. Uamuzi wa ugonjwa ni wa daktari, hapo sibishani. Ila anayebandika vibandiko na kushika karatasi ikiwa ya moto ni nesi, na nesi anayejua hatua tano ataona kwamba mapigo hayafanani kabla mama hajavaa viatu vyake. Hofu? Aliyetiwa hofu ni yule aliyeambiwa ni wasiwasi huku akishindwa kulala.

Kwa hiyo ukipimwa, sikutumi ukajisomee. Nakutuma uulize maneno haya: "Mapigo yangu ni mangapi, na yanafanana?" Maswali mawili tu. Anayejibu atalazimika kuisoma. Halafu omba nakala uiweke kwenye kadi, na karatasi zile za joto hufifia, basi piga picha kwa simu. Na kama umeambiwa karatasi ni ya kawaida lakini bado unahema ukilala chali, miguu inavimba au umezimia, rudi. Ni sekunde 10 tu za moyo wako zilizoandikwa pale. Siku ina nyingine nyingi.

Sehemu ya 5 tutaongelea mafindofindo ya watoto na ile sindano ya penisilini ya kila mwezi, maana valvu ya mama huyu ilianza kuharibika kwenye koo, akiwa mtoto.