Ukiandika “mtoto hachezi”, nani anausoma ujumbe wako kwanza?

Nchini Kenya, huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health huwapa wajawazito na akina mama waliojifungua nafasi ya kuuliza maswali ya afya kwa ujumbe mfupi wa simu. Maswali ni mengi, kwa hiyo programu ya kompyuta huyasoma kwanza na kuyapanga kwa uharaka, kisha watu wa dawati la msaada hushughulikia yanayohitaji binadamu. Ni vyema ujue upangaji wa aina hii hufanyaje kazi, hasa kompyuta inapokuwa na shaka.

Chukua mfano huu. Mama anaandika: “Mtoto hachezi tangu asubuhi.” Je, ni mtoto aliye tumboni, au ni wa miezi minane aliyelegea? Tuseme kompyuta inaelekea kwenye jibu la kwanza, lakini kwa mbali kidogo tu. Ikikisia vibaya, mama atapata ushauri usiomhusu. Kwa hiyo mfumo mzuri haujibu, bali unaupeleka ujumbe kwenye foleni ya muuguzi.

Nafasi ya ujumbe huo kwenye foleni haitokani na ukubwa wa shaka peke yake. Swali la msingi ni hili: kompyuta ikikosea, madhara yatakuwa makubwa kiasi gani? Shaka kuhusu tarehe ya kliniki inaweza kusubiri. Shaka kuhusu mtoto asiyecheza inatangulia mbele, hata kama ujumbe umeingia baadaye.

Pamoja na ujumbe, muuguzi aonyeshwe sababu ya kuletewa: “Huenda ni mtoto wa tumboni, umri wa mimba haujatajwa.” Hapo anajua swali la kwanza la kuuliza. Akiletewa alama ya “haraka” tupu, itambidi aanze upya kutafuta tatizo.

Mpango huu una udhaifu wake. Kompyuta ikiwa na woga kupita kiasi, karibu kila ujumbe utaitwa wa haraka, na ule wa hatari utazama katikati ya mingine. Ikijiamini mno, itajibu yenyewe pale ilipopaswa kunyamaza. Dalili utakayoiona wewe ni jibu lisilolingana na swali lako. Ukilipata, andika tena kwa maneno mengine.

Unaweza kuipunguza shaka hiyo tangu mwanzo. Taja kama una mimba na ya wiki ngapi, au umri wa mtoto, na tatizo lilianza lini. “Nina mimba ya wiki 34, mtoto tumboni hachezi tangu asubuhi” haiachi nafasi ya kukisia.

Lakini foleni yoyote ina kusubiri. Ukitokwa na damu, ukipata degedege, ukiumwa sana kichwa huku macho yakiona ukungu, au mtoto tumboni akipunguza kucheza, nenda hospitali mara moja. Usikae kungoja jibu la simu.