Filamu ya Urafiki Haipatanishi Ndugu

Kila ukoo uliofarakana ukipanga kukutana, kijana mmoja aliyesoma hukabidhiwa projekta na kuambiwa atafute filamu yenye mafunzo. Na kila mara kijana huyo hurudi na filamu ileile: watu wawili wasiofanana kwa lolote, mmoja tajiri mwingine hohehahe, mmoja mweusi mwingine mweupe, wanaanza kwa kununiana na kumaliza wakiwa marafiki wa kufa na kuzikana. Hoja yake ni nyepesi. Kama wale wameweza, sisi tuliotoka tumbo moja tunashindwaje?

Nasema hoja hiyo ni mbovu, na filamu hizo zinafanya madhara. Nasema hivyo kwa sababu mwaka huu projekta imekabidhiwa kwangu. Baba yangu na dada yake hawajasalimiana tangu 2019, kwa ajili ya nyumba ya babu iliyoko Muheza, na bibi anataka kuwaona wakila sahani moja kabla hajafumba macho. Siwezi kulichukulia jambo hili kama jioni ya burudani.

Katika grupu la ukoo, filamu iliyopendekezwa kwanza ilikuwa Green Book ya 2018, iliyoongozwa na Peter Farrelly na kupata Oscar ya filamu bora ya mwaka. Mpiga piano mweusi, Don Shirley, anamwajiri Tony Vallelonga, Mtaliano wa New York, amwendeshe gari katika ziara ya kusini mwa Marekani mwaka 1962. Shirley ni msomi, mpweke, hajui hata kula kuku wa kukaanga kwa mikono. Tony ni mtu wa mitaani, mbaguzi kiasi, lakini ana moyo. Wanafundishana, wanacheka, na mwishoni Shirley anakaribishwa Krismasi nyumbani kwa Tony.

Sasa itazame filamu hiyo ukiwa umekaa kwenye mkeka wa Muheza. Upande mmoja wako waliosoma na kuhamia Dar es Salaam. Upande wa pili wako waliobaki kulima michungwa na kumuuguza bibi. Shangazi yangu atamwona Shirley na kusema moyoni: wananiambia kaka yangu amepotea kwao, anahitaji kufundishwa utu. Baba atamwona Tony na kusema: kumbe mwenye kelele ndiye mwenye haki. Hakuna atakayejiona yeye. Kila mmoja atamwona mwenzake, tena katika sura ya dhihaka.

Msidhani nawasingizia wazee wetu. Hawa ni watu waliokulia kwenye khanga. Wanajua kwamba jina la khanga halivaliwi bure, kwamba wimbo wa taarabu ukipigwa harusini kuna mtu unamlenga, na anayenyanyuka kwenda kutunza amejibu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Ukiwasha filamu yenye mafunzo mbele ya watu waliokosana, umevaa khanga. Swali la kwanza kichwani mwao halitakuwa filamu inahusu nini. Watajiuliza nani kaichagua, na anamsema nani.

Liko na kosa la ndani zaidi. Tony na Shirley hawakuwahi kudaiana. Walikutana wakiwa wageni, na kilichowatenga ni dhana, si tendo. Hali ni hiyohiyo katika The Intouchables ya 2011, ile ya Mfaransa tajiri aliyepooza na kijana anayeajiriwa kumhudumia. Dhana huyeyuka watu wakikaa pamoja garini. Lakini ndugu waliofarakana wanajuana mno. Kilichopo kati yao ni hesabu: nani alichukua kodi ya nyumba, nani hakuja msibani, nani alisema neno gani mbele ya watoto. Hesabu haiyeyushwi na kicheko. Tena katika filamu zote mbili mmoja anamlipa mwenzake mshahara. Je, huo ndio mfano wa udugu tunaotaka?

Na kuna kejeli ambayo mashabiki wa Green Book huipita kimyakimya. Filamu inamwonyesha Shirley akiwa mtu aliyepoteza mawasiliano na kaka yake. Ilipotoka, jamaa zake, akiwamo kaka yake Maurice, walijitokeza kupinga: walisema hawakuwahi kutengana naye hivyo. Mmoja wa walioandika hadithi ni Nick, mtoto wa Tony. Yaani upande mmoja ulisimulia urafiki, na upande wa pili ukajikuta umefutwa. Mimi sijui namna bora zaidi ya kueleza jinsi ugomvi wa ukoo unavyoanza.

Filamu niliyoipeleka mimi ni Central Station ya Walter Salles, ya Brazili, ya 1998. Dora ni mwalimu mstaafu anayeketi kituo cha treni Rio de Janeiro akiwaandikia barua wasiojua kusoma. Analipwa, kisha barua nyingine hazitumi. Anazichana au anazitupia kwenye droo. Mmoja wa wateja wake, Ana, anagongwa na basi na kufa, akimwacha mtoto wa kiume, Josué. Dora anamuuza mtoto huyo kwa watu wanaodai kumtafutia wazazi ng'ambo, na kwa fedha hizo ananunua televisheni. Halafu dhamiri inamsuta, anamwiba tena, na wawili hao wanasafiri kwenda kumtafuta baba wa mtoto.

Hapa pana deni. Urafiki wa mama huyu mkavu na mtoto huyu jeuri unaanzia kwenye kosa lenye jina na bei, na kosa hilo halifutwi kwa hotuba. Linalipwa kwa safari. Mwishoni baba hapatikani. Wanapatikana kaka wawili wa Josué: Isaías anaamini baba atarudi, Moisés haamini, na wanaishi nyumba moja bila kukubaliana. Dora anawasomea barua aliyoiacha baba yao na, akiisoma, anachomeka jina la Josué ambalo halimo. Anaondoka alfajiri, na barua ya Ana anaiacha palepale nyumbani. Hatimaye imefika.

Nimeshajibiwa kwamba ni Kireno, na wazee hawawezi kufuata maandishi ya chini. Ni kweli, lakini sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, tukisikiliza akina Lufufu wakitutafsiria filamu za kigeni kwa sauti. Atafutwe msimuliaji. Asiwe wa upande wa baba wala wa shangazi. Shemeji anafaa kuliko mtoto wa nyumbani. Asimamishe picha kila baada ya dakika ishirini hivi, aeleze kilichotokea, na asitoe mafunzo.

Ina mipaka yake. Kama kwenu ugomvi ni wa fedha zilizopitia mkono wa mtu zisifike, msiiweke. Dora atakuwa mtu huyo, na mtamaliza usiku vibaya. Kipimo changu ni hiki: kama upande wowote unaweza kumnyooshea kidole mhusika na kusema "yule ni wao", tafuta nyingine.

Na iwekwe baada ya kikao cha wazee, kamwe si kabla. Wanaotaka ianze filamu wanataka televisheni iseme "nisamehe" kwa niaba yao. Kodi ya nyumba itajwe kwanza, kwa miezi na kwa shilingi, mbele ya bibi. Wakishahesabu, wakae watazame watu wengine wakilipa.