Jina Moja, Saini Moja, Siku Moja

Wasee wa Wamagana, tuongee kuhusu hiyo karatasi ya mahudhurio mnasaini mbio mbio mkingoja chai. Hiyo karatasi ni pesa, na watu hewa huzaliwa hapo.

Tangu niache chuo nimerekodi video za warsha kadhaa huku Nyeri, na hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme warsha ni ya siku 3, alawansi ni shilingi 1,000 kwa siku. Siku ya kwanza wamesaini watu 38, ya pili 36, ya tatu 31. Jumla ni saini 105, kwa hivyo malipo yafaa kuwa 105,000. Lakini orodha ya malipo inaonyesha watu 40 kwa siku 3, yaani 120,000. Hiyo 15,000 imeenda wapi?

Weka karatasi zote kando kwa kando, upitie jina kwa jina. Utapata watu 2 ambao hawakusaini hata siku moja. Hao wamekula 6,000. Ile 9,000 iliyobaki ni ya watu wa kweli kabisa, walikuja siku moja au mbili wakalipwa tatu. Wengi hutafuta mtu hewa mzima wakisahau huyu nusu hewa, na hapa ndiye amekula zaidi.

Kisha chukua ripoti ya M-Pesa. Inaonyesha jina la mwenye laini, so linganisha na jina lililosainiwa. Namba moja ikipokea mara mbili, uliza. Lakini usiruke kusema ni wizi, kwa sababu kuna shosho hulipwa kupitia simu ya mjukuu. Mpigie, muulize alikaa siku ngapi.

Hiyo simu ni muhimu juu karatasi zote zinaweza kulingana na bado ziwe za uongo, kama mtu mmoja aliketi ofisini akasaini zote. Angalia mwandiko ule ule, kalamu ile ile, majina yakifuatana vile vile kila siku. Halafu uliza hoteli ilipakua sahani ngapi.

Hii si hadithi ya warsha ndogo tu. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilitoa ripoti ya ukaguzi wa mradi wa Arid Lands, huko maeneo kame. Sehemu ya matumizi waliyochunguza ilishukiwa kuwa ya ulaghai.

Msimamo wangu: karatasi isainiwe kila siku, asubuhi na jioni, na mstari upigwe chini ya jina la mwisho mbele ya watu, ndio nafasi zisijazwe usiku. Na wewe ukiambiwa usaini siku zote tatu Jumatatu, kataa. Ukisaini, ni wewe umempa mtu hewa mwili.