Kipi Kwanza? Swali la Mtihani na Mgonjwa wa Makambako

Katika mitihani ya wauguzi kuna swali linalorudi kila mwaka kwa sura tofauti. Mgonjwa amefika na maumivu ya kifua, majibu manne yameorodheshwa, na mtahiniwa anaulizwa muuguzi afanye lipi kwanza. Wengi hulipata kwa kukariri neno MONA, yaani mofini, oksijeni, nitrati na aspirini. Maoni yangu ni kwamba neno hilo limefundisha vibaya kizazi kizima cha wauguzi na madaktari. Limepanga dawa kwa herufi ili zikumbukwe, nasi tukadhani limezipanga kwa umuhimu. Aspirini, ambayo ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi kati ya hizo nne, imewekwa mwisho.

Ili nieleze ninachomaanisha, nimetunga swali kwa kufuata hali halisi ya Mkoa wa Njombe.

Mfanyabiashara wa viazi mwenye umri wa miaka 58 analetwa katika hospitali moja mjini Makambako saa 11 alfajiri, mwezi Julai. Tangu saa 9 usiku anahisi kitu kinambana kifuani na kwenye chembe cha moyo, na maumivu yanapanda hadi kwenye taya. Anatoka jasho jingi ingawa kuna baridi kali, na ametapika mara moja. Ana historia ya shinikizo la juu la damu, na mkewe anaeleza kwamba ana vidonda vya tumbo. Shinikizo la damu ni 88/56, mapigo ya moyo 46 kwa dakika, oksijeni katika damu asilimia 93, na mapafu hayana sauti yoyote mbaya. Muuguzi afanye lipi kwanza?

A. Ampe oksijeni lita 10 kwa dakika kwa barakoa.
B. Amwekee nitrogliserini chini ya ulimi.
C. Amchome sindano ya diklofenaki ya msuli na kumpa omeprazoli.
D. Apime umeme wa moyo kwa njia 12.

Jibu sahihi ni D. Hata hivyo, mwanafunzi aliyechagua D bila kujua kwa nini A, B na C si sahihi hajanufaika na swali hili. Tuyapitie moja baada ya jingine, tukianza na lile linalotokea zaidi katika vituo vyetu.

Jibu C ndilo ninalolihofia. Lugha yetu wenyewe inauita mwanya ulio juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua, chembe cha moyo, na bado mgonjwa akishika hapo tunasema ni vidonda vya tumbo. Mshipa wa moyo unaolisha sehemu ya chini ya moyo ukiziba, maumivu huweza kusikika hapo hapo, yakiambatana na kichefuchefu na kutapika. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mgonjwa aliyekuwa ametibiwa vidonda vya tumbo kwa siku mbili katika kituo kimoja, akachomwa diklofenaki mara tatu. Alipofika kwetu, misuli ya sehemu kubwa ya moyo wake ilikuwa imekwisha kufa, wala hapakuwa na dawa ya kuirudisha. Diklofenaki na ndugu zake huongeza hatari kwa mgonjwa mwenye shambulio la moyo. Isitoshe, sindano ya msuli huweza kuvuja damu sana iwapo baadaye mgonjwa atapewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Dalili mbili zilipaswa kumzindua muuguzi wa swali letu: jasho jingi kwenye baridi, na maumivu yanayopanda hadi kwenye taya. Vidonda vya tumbo havina desturi hiyo.

Jibu A linaonekana salama, maana nani anayeweza kulaumiwa kwa kutoa oksijeni? Lakini utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wagonjwa 6,629 waliodhaniwa kuwa na shambulio la moyo na wenye oksijeni ya asilimia 90 au zaidi, haukuonyesha kwamba oksijeni ilipunguza vifo katika mwaka mmoja. Ndiyo maana mwongozo wa sasa ni kutoa oksijeni ikiwa kiwango kimeshuka chini ya asilimia 90, au mgonjwa anapohema kwa shida. Hapa Njombe kuna jambo la ziada. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako haiko chini sana. Katika mwinuko huo mtu mwenye afya huweza kuwa na asilimia 94 au 95, hivyo 93 ya mgonjwa wetu haiko mbali na kawaida ya jirani zake. Vilevile, kidole kilichopoa alfajiri ya Julai hukipotosha kipimo kikasoma chini kuliko ukweli. Muuguzi mwenye busara hukisugua kidole hicho, hukifunika kwa blanketi, kisha hupima tena kabla ya kukimbilia mtungi.

Jibu B ndilo linaloweza kuua upesi. Nitrogliserini hutanua mishipa ya damu na kupunguza damu inayorudi kwenye moyo. Mgonjwa mwenye shinikizo la 88 na mapigo 46 anatuambia kwamba huenda sehemu ya chini ya moyo imeathirika, pamoja na ventrikali ya kulia. Ventrikali hiyo ikidhoofika hutegemea damu inayorudi ili isukume chochote. Ukimwekea nitrogliserini, shinikizo huweza kuporomoka mbele ya macho yako. Kanuni ni rahisi: shinikizo la juu likiwa chini ya 90, au mapigo yakiwa chini ya 50, usitoe. Hata kwa mgonjwa ambaye shinikizo lake linaruhusu, muulize faraghani kama ametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume katika siku mbili zilizopita, kwa kuwa zikikutana na nitrogliserini matokeo ni hayo hayo. Mbele ya mke na watoto hatajibu ukweli.

Sasa D. Kipimo cha umeme wa moyo kinapaswa kupatikana na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, kwa sababu ndicho kinachoamua njia ya matibabu. Kwa mgonjwa wetu, mstari ulionyanyuka katika II, III na aVF utathibitisha kwamba sehemu ya chini ya moyo inakosa damu. Hapo muuguzi huhamisha waya wa V4 kwenda upande wa kulia wa kifua ili kuichunguza ventrikali ya kulia. Kipimo cha troponini hakiwezi kuchukua nafasi hii, kwa sababu huchukua saa kadhaa kupanda, na mgonjwa aliyefika mapema huweza kuonekana mzima. Kadhalika, umeme wa moyo ukiwa wa kawaida mara ya kwanza hautoshi kumrudisha mtu nyumbani. Hurudiwa baada ya dakika 15 hadi 30 ikiwa maumivu yanaendelea.

Wanafunzi huniuliza, na kwa haki, aspirini iko wapi. Jibu langu ni kwamba inakwenda sambamba na kipimo. Wakati muuguzi anabandika waya, anauliza maswali matatu: “Baba, umewahi kudhurika kwa aspirini? Umetapika damu au kupata choo cheusi kama lami? Maumivu yalikuja ghafla kama kitu kinachochanika, yakaenda mgongoni?” Swali la tatu linahusu kupasuka kwa ukuta wa mshipa mkuu wa damu, ambapo dawa za kuzuia damu isigande huweza kuua, na shinikizo la mikono miwili hutofautiana sana. Akijibu hapana kwa yote, anapewa aspirini miligramu 300 aitafune. Kutafuna ni sehemu ya tiba, kwani kidonge kinachomezwa kizima, hasa chenye ganda, huchelewa kufanya kazi. Kuwa na historia ya vidonda vya tumbo pekee, bila kuvuja damu sasa, hakumnyimi mgonjwa dozi hii moja. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wenye wagonjwa 17,187, ulionyesha kwamba aspirini pekee ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa takriban robo katika wiki tano. Ilipotolewa pamoja na streptokinasi, upungufu ulifikia asilimia 42.

Baada ya hapo kazi ya muuguzi ni kutoondoka. Mgonjwa alale, asitembee kwenda maabara wala chooni. Awekewe kanula mkononi, aunganishwe na mashine inayoonyesha mapigo, na kifaa cha kushtua moyo kiwe karibu, kwa kuwa vifo vingi vya saa za mwanzo hutokana na moyo kutetemeka ovyo ghafla, hali inayotibika ikionekana papo hapo. Daktari huweza kuagiza maji ya chumvi mililita 250 kwa awamu ili kuinua shinikizo, ilimradi mapafu yabaki safi.

Na hapa ndipo vitabu vya ng'ambo vinapotuacha njiani. Vinasema mgonjwa apelekwe kuzibuliwa mshipa kwa mpira mwembamba ndani ya dakika 120. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, inayofanya kazi hiyo, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako. Kwa mgonjwa wetu wa saa 11 alfajiri, tumaini la kweli ni dawa ya kuyeyusha bonge, kama streptokinasi yuniti milioni 1.5 kwa dakika 30 hadi 60, inayotolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na yenye faida kubwa zaidi katika saa za mwanzo. Dawa hiyo hushusha shinikizo na huweza kusababisha kuvuja damu, hivyo haitolewi bila umeme wa moyo kusomwa na daktari kuagiza. Kabla ya kumpandisha mgonjwa kwenye gari la wagonjwa, muuguzi apige simu kuuliza dawa iko hospitali ipi. Asiondoke kwa kubahatisha.

Ombi langu kwa wanaotunga mitihani ni kwamba swali la aina hii lidai sababu ya kila jibu lililokataliwa, na alama zigawiwe hapo. Tena liwe na sehemu ya pili: mgonjwa huyohuyo amefika kwenye zahanati ya kijiji isiyo na mashine ya umeme wa moyo. Hapo jibu la kwanza linabadilika. Ni maswali matatu, aspirini ya kutafuna na simu ya rufaa, na karatasi ya rufaa iandikwe saa maumivu yalipoanza na saa aspirini ilipotolewa. Mwanafunzi aliyekariri MONA atatafuta mtungi wa oksijeni. Aliyeelewa sababu atakuwa amekwisha kumpa mgonjwa kidonge cha bei ndogo kinachoweza kumfikisha hospitali akiwa hai.